Uwiano wa Ufundishaji, Utafiti na Huduma katika Barua ya Kuomba Kazi ya Uhadhiri

1. Utangulizi

Kila aliyepitia shule zetu anazijua sehemu za barua rasmi: anwani mbili, tarehe, mtajo, kichwa cha habari, mwili na kimalizio. Maarifa hayo yanamtosha mtu anayeomba kazi ya ukarani au ya ualimu wa shule. Kwa anayeomba kazi ya uhadhiri hayatoshi, kwa sababu mwili wa barua yake hubeba mizigo mitatu isiyofanana. Anatakiwa aeleze anavyofundisha, aeleze alichokitafiti, na aeleze kazi aliyowahi kuifanya au atakayoweza kuifanya idarani nje ya darasa na maktaba. Aghalabu mizigo hiyo huelemea upande mmoja. Mwombaji aliyetoka kumaliza tasnifu huandika kana kwamba tasnifu ndiyo inayoomba kazi. Aliyefundisha kwa mkataba wa muda kwa miaka mingi huorodhesha kozi zake na kunyamaza juu ya mengine.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mambo hayo matatu yanavyoweza kuwekwa katika uwiano. Tutadai kwamba uwiano hautokani na kuigawa barua mafungu matatu yaliyo sawa. Hutokana na kuonyesha swali moja la kitaaluma likipita katika utafiti, likaingia darasani, na kufika katika kazi za idara. Tutadai pia kwamba msomaji hulitambua jambo hilo katika vitenzi zaidi kuliko katika vivumishi. Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha, tutatumia chombo tulicho nacho, yaani viambishi vya wakati na hali vya Kiswahili, kuonyesha mahali barua inaposema kweli na mahali inapojificha.

2. Barua na wasomaji wake

Barua hii ina wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza ni mkuu wa idara na wenzake wa somo, wanaojua kozi zipi hazina mwalimu na ni nani anakaribia kustaafu. Wa pili ni wajumbe wa kamati ya uajiri kutoka utawala na idara nyingine, ambao huenda hawajui tofauti ya fonolojia na mofolojia, lakini wanavijua vigezo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na mwaka 2014 Tume hiyo ikatoa vigezo vya pamoja vya kuwateua na kuwapandisha vyeo walimu wa vyuo vikuu nchini Kenya, ambavyo vilihesabu machapisho kwa alama. Mambo ya shahada na alama huchujwa mapema kutokana na wasifu-kazi na nakala za vyeti. Barua haiwezi kumwokoa mtu ambaye hakutimiza kiwango cha chini.

Kazi ya barua huanza pale chujio linapomaliza kazi yake, wakati mezani pamebaki watu kadhaa ambao kwa makaratasi wanalingana. Hapo wasifu-kazi hujibu swali la nini na lini, nayo barua hujibu swali la kwa nini na kwa vipi. Kwa hiyo barua inayorudia orodha ya wasifu-kazi kwa sentensi kamili haijafanya kazi yake hata moja. Inafaa kukumbuka pia kwamba katika vyuo vikuu vingi vya Marekani mwombaji hutakiwa kuandika maelezo ya ufundishaji na maelezo ya utafiti katika nyaraka mbalimbali, na barua huwa utangulizi wake tu. Kwetu nyaraka hizo si za kawaida. Barua moja, isiyozidi kurasa mbili, ndiyo inayobeba yote.

3. Mwombaji wa mfano

Ili tusizungumze hewani, tumchukue mwombaji wa kubuni anayeomba nafasi ya mhadhiri wa isimu ya Kiswahili. Tangazo linasema kwamba idara inahitaji mtu wa kufundisha mofolojia na sintaksia, na wa kusaidia kozi ya Kiswahili inayosomwa na wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza.

Mwombaji huyu alitafiti upatanisho wa nomino za viumbe hai zenye umbo la ngeli ya I-ZI, kama rafiki, ndugu na mama. Kama tujuavyo, nomino hizo hupatanishwa kwa njia mbili ndani ya sentensi moja. Katika Kiswahili Sanifu tunasema rafiki yangu amefika na rafiki zangu wamefika: kimilikishi kinafuata umbo la nomino, na kitenzi kinafuata maana yake. Mwombaji alikusanya insha 120 za wanafunzi wa sekondari, akaona kwamba wengi wanapoandika rafiki wangu amefika hawakosei ovyo. Kitenzi wanakipata sawa kila mara. Wanachofanya ni kuueneza upatanisho wa A-WA mpaka kwenye kimilikishi. Kwa maneno mengine, kosa lao lina kanuni. Ana makala moja iliyotoka katika jarida la kitaaluma, nyingine inayosubiri maoni ya wasomaji wa jarida, na amefundisha kwa miaka mitatu kwa mkataba wa muda.

4. Aya ya utafiti

Rasimu ya kwanza ya mwombaji ilisema hivi: "Nimefanya utafiti wa kina kuhusu upatanisho wa kisarufi na nimeandika makala mbili muhimu katika taaluma hii." Sentensi hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni vivumishi: kina na umuhimu ni hukumu za msomaji, na mwombaji amezitangulia. Ya pili ni kiambishi -me-. E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, alieleza kwamba -me- huonyesha tendo lililotimia pamoja na hali inayotokana nalo. Anayesema "nimeandika makala mbili" anasema kweli kuhusu kuandika, lakini msomaji wa kamati anaelewa kuwa hali iliyopo sasa ni makala mbili zilizochapishwa. Ukweli wa kitenzi kimoja umetumiwa kuazima hali ya kitenzi kingine.

Kiswahili kina njia nyepesi ya kupambanua hatua za chapisho, na mwombaji hana sababu ya kuiacha. Makala yaliyotoka "yamechapishwa". Yaliyopita kwa wasomaji lakini hayajatoka "yamekubaliwa na yanasubiri kuchapishwa". Yaliyo mikononi mwa wasomaji "yanatathminiwa". Yasiyomalizika "yanaandikwa". Kamati inayotaka kuhakikisha itaomba nakala ya makala au barua ya mhariri, na hapo tofauti kati ya -me- na -na- huwa tofauti kati ya mtu mwaminifu na mtu wa kutiliwa shaka. Inafaa mwombaji aisome aya hii mara moja kwa ajili ya viambishi hivi peke yake.

Rasimu ya pili ikawa hivi: "Katika tasnifu yangu niliuliza kwa nini wanafunzi wanaosema rafiki amefika bila kukosea huandika rafiki wangu badala ya rafiki yangu. Insha 120 nilizozichunguza zilionyesha kwamba wanaeneza kanuni moja ya upatanisho mahali ambapo lugha sanifu ina mbili. Sehemu ya matokeo hayo imechapishwa. Sehemu inayohusu majina ya wanyama inatathminiwa." Msomaji asiyekuwa mwanaisimu ameelewa swali kwa sababu ya mfano. Msomaji wa somo ameona data na dai. Hakuna sifa iliyotajwa, na hata hivyo sifa imeonekana.

5. Aya ya ufundishaji

Aya ya ufundishaji ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi, na kiambishi kinachoiharibu ni hu-. Mwombaji anaandika: "Mimi hutumia mbinu shirikishi na huwahimiza wanafunzi kufikiri." Tuchunguze umbo la hu-. Halichukui kiambishi cha nafsi, wala halitaji wakati. Sarufi yenyewe imemwondolea msemaji wajibu wa kusema nani na lini, na ndiyo maana kiambishi hiki kinafaa sana katika methali na katika maelezo ya desturi. Katika barua ya kuomba kazi, sifa hiyo hiyo huwa udhaifu. Sentensi ya hu- inaweza kuhamishwa kwenye barua ya mwombaji mwingine yeyote, wa somo lolote, bila kubadilishwa neno. Hiki ni kipimo kizuri: sentensi inayohamishika haimsemei mwenyewe.

Dawa yake ni -li-, ambayo hudai tukio, mahali na wakati. Mwombaji wetu aliandika upya hivi: "Nilipopewa kozi ya mofolojia ya mwaka wa pili, sikuanza na jedwali la ngeli. Niliwapa wanafunzi sentensi ishirini zenye nomino kama rafiki, ndugu, ng'ombe na kiziwi, nikawataka watafute ni maneno gani yanafuata umbo la nomino na yapi yanafuata maana yake. Walipotofautiana kuhusu ng'ombe zangu na ng'ombe wangu, tulilifanya tofauti hilo kuwa somo la wiki iliyofuata. Katika mtihani niliondoa swali la kuorodhesha ngeli, nikaweka swali la kueleza data wasiyowahi kuiona."

Hapa kuna mambo matatu ambayo kamati inaweza kuyauliza katika usaili na kupata jibu: zoezi, tatizo lililotokea, na badiliko la mtihani. Angalia pia kwamba utafiti umeingia darasani bila kutangazwa. Mwombaji hakusema kwamba utafiti wake unachangia ufundishaji wake. Alionyesha data ile ile ikifanya kazi ya pili. Huu ndio uwiano tunaouzungumzia. Baada ya tukio kama hili, hu- inaweza kurudi kwa sentensi moja, kwa mfano "Tangu hapo huanza kila mada kwa data", kwa sababu sasa desturi ina ushahidi uliotangulia.

Lipo swali la walimu waliofundisha madarasa makubwa ambamo zoezi la namna hii haliwezekani. Mwombaji wa aina hiyo asijifanye kuwa alifundisha semina ya watu kumi na wawili. Aeleze alichofanya na darasa alilolipata: jinsi alivyoyagawa mazoezi, alivyochagua insha chache za kusahihisha kwa kina kila wiki, au alivyotumia dakika kumi za mwisho kukusanya maswali kwenye vikaratasi. Kamati inayajua madarasa yake. Itamwamini zaidi anayeyataja kama yalivyo.

6. Aya ya huduma

Huduma kwa idara ni jambo ambalo waombaji wengi hulifanya orodha ya vyeo: mjumbe wa kamati ya mitihani, mlezi wa chama cha Kiswahili, mratibu wa kongamano. Kitenzi kinachotawala hapa ni "nilikuwa", ambacho hutaja hali bila kutaja tendo. Mtu anaweza kuwa mjumbe wa kamati kwa miaka minne na asiseme neno. Kipimo cha aya hii ni kulifuta "nilikuwa mjumbe" na kutafuta kitenzi cha kutenda cha kuweka mahali pake. Kisipopatikana, cheo kibaki katika wasifu-kazi na kisipewe nafasi katika barua.

Mwombaji wetu, kama walimu wengi wa mkataba wa muda, hakuwahi kuteuliwa katika kamati. Rasimu yake ya kwanza haikuwa na aya ya huduma, ilikuwa na ahadi tu: "Nitashiriki kikamilifu katika shughuli zote za idara." Kiambishi -ta- ni rahisi kuliko vyote, kwa kuwa hakidaiwi ushahidi leo. Lakini alipoulizwa alichofanya pamoja na wenzake, alikumbuka jambo ambalo hakulihesabu kuwa huduma. Kozi ya mwaka wa kwanza ilisahihishwa na walimu wanne. Wawili waliondoa alama kwa rafiki wangu, wawili hawakuondoa, na wanafunzi wakaleta malalamiko. Aliandika ukurasa mmoja wa kueleza ni makosa gani ya upatanisho yanatozwa alama, kwa kiasi gani, na mara ngapi katika insha moja. Wenzake wakaujadili, wakaubadilisha, wakautumia.

Aya ikawa hivi: "Baada ya wasahihishaji wanne wa kozi hiyo kutofautiana kuhusu makosa ya upatanisho, niliandaa rasimu ya mwongozo wa usahihishaji. Tuliijadili pamoja, tukaondoa vipengele viwili, na tumeutumia mwongozo huo kwa mihula miwili. Ningependa kufanya kazi ya namna hiyo katika kozi ya mwaka wa kwanza iliyotajwa katika tangazo." Tazama jinsi nafsi zilivyopangwa. Nili- imetumika kwa alichofanya peke yake, tuli- kwa kilichofanywa na wote, na tume- kwa matokeo yanayoendelea. Mwombaji anayeweka nili- kila mahali anawanyang'anya wenzake kazi yao, na huenda mmoja wao ndiye mdhamini atakayeandikiwa na kamati. Anayeweka kauli ya kutendwa, kama "mwongozo uliandaliwa", anajinyang'anya mwenyewe.

Hapa ndipo swali la adabu linapoingia. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na waombaji wengi waliolelewa katika adabu hiyo huona haya kuandika nili-. Wengine huikimbia haya hiyo kwa kuangukia upande wa pili, wakajaza barua maneno kama mahiri, mbobezi na mchapakazi. Njia iliyo kati ni kutenganisha kutaja tendo na kulisifu. Kutaja ulichofanya, kwa kiasi chake na pamoja na uliofanya nao, ni ushahidi. Kinachojitembeza ni kivumishi.

7. Vipimo na mpangilio

Baada ya kuziona aya tatu, tunaweza kuzungumza juu ya urefu wake. Barua ya mwombaji wetu ilifikia maneno 700 hivi. Ufunguzi ulichukua maneno 60, ukataja nafasi, nambari ya tangazo, shahada, na swali la utafiti kwa sentensi moja. Ufundishaji ulichukua maneno 260, utafiti 220, huduma 110, na yaliyobaki yakaenda kwa kimalizio na kwa maelezo ya kozi anazoweza kuzifundisha kuanzia muhula wa kwanza. Huduma ilikuwa fupi kuliko zote, lakini haikuonekana duni, kwa sababu msomaji alipoifikia alikuwa tayari analijua swali la rafiki yangu na aliona tu likifika mahali papya.

Ufundishaji ulitangulia utafiti kwa sababu tangazo lilianza na kozi. Tangazo linaloanza na usimamizi wa wanafunzi wa uzamili na uzamifu lingegeuza mpangilio huo, na aya ya utafiti ingehitaji sentensi mbili zaidi kuhusu mada ambazo wanafunzi wangeweza kuzichukua. Mpangilio ni wa tangazo. Uzi unaoziunganisha aya ni wa mwombaji.

Mbinu hii ina mipaka yake. Si kila mtu aliyeitafiti lugha anaweza kulipeleka swali lake kwenye mwongozo wa usahihishaji. Aliyetafiti tendi za zamani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu huenda akapewa kozi ya stadi za mawasiliano, na kulazimisha uhusiano kati ya mambo hayo kutamfanya aonekane mwenye hila. Hapo aseme wazi kwamba kozi hiyo iko mbali na utafiti wake, kisha aeleze alivyoifundisha. Uzi utabaki kati ya mambo mawili, na la tatu litasimama peke yake. Kamati haidai maisha yasiyo na mshono.

Kuhusu lugha ya barua, Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, kwa hiyo mwombaji ana haki ya kukitumia. Hata hivyo, awakumbuke wasomaji wa aina mbili tuliowataja: pale tangazo linapotoka kwa Kiingereza na halisemi lolote kuhusu lugha ya barua, ni busara kuiuliza idara kabla ya kuandika. Anayeandika kwa Kiswahili achague pia desturi moja ya kichwa cha habari, iwe KUH: au MINT: tuliyoizoea Kenya, au YAH: ya Tanzania, asizichanganye.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mambo matatu yanayodaiwa katika barua ya uhadhiri yanaweza kuwekwa pamoja kwa swali moja linalopita ndani yake, na kwamba viambishi vya kitenzi ndivyo vinavyomjulisha msomaji kama swali hilo limefanyiwa kazi au limetajwa tu. Anayehariri barua yake anaweza kuanza na hatua nne. Apige mstari chini ya kila -me- katika aya ya utafiti na kuuliza ni hali gani iliyopo leo. Atafute kila hu- katika aya ya ufundishaji na kulipa tukio lake. Atafute kila "nilikuwa" katika aya ya huduma na kulipa tendo lake. Mwisho ahesabu -ta- zote, na kuiacha ile tu ambayo tangazo limeiulizia. Kitakachobaki baada ya kazi hiyo huenda kikawa kifupi kuliko rasimu ya kwanza, lakini mkuu wa idara atakuwa na jambo la kumuuliza mwombaji siku ya usaili, naye mwombaji atakuwa na jibu.